Maji yanapogeuka ndani ya bomba: kasoro iliyojificha kwenye x|x|

Mtambo wa Ruvu Chini una uwezo wa kuzalisha lita milioni 270 za maji kwa siku, na Ruvu Juu lita milioni 196. Mtambo mdogo wa Mtoni, Temeke, unaochota Mto Kizinga, huongeza takriban lita milioni 9. Maji hayo yakishaingia mitaa ya Dar es Salaam hayafuati njia moja kama mto. Mabomba yameungana na kuzungukana, kwa hiyo kipande kinachounganisha mitaa miwili ya Kinondoni, au miwili ya Temeke, hakina mwelekeo wa kudumu. Unapokuja mgao, kama ule wa Oktoba 2022 baada ya Mto Ruvu kupungua, valvu hufungwa huku na kufunguliwa kule, na maji ndani ya kipande hicho yanaweza kupungua kasi, kusimama, kisha kurudi yalikotoka.

Mhandisi anayechora mtandao wa namna hiyo lazima ajue presha inapungua kiasi gani njiani. Kanuni anayoitumia inatokana na kazi za Julius Weisbach wa mwaka 1845 na Henry Darcy wa mwaka 1857: maji yanapokwenda kwa kasi ya kawaida, upotevu wa presha hukua kwa kipeo cha pili cha mtiririko. Ongeza mtiririko mara mbili, upotevu unakuwa mara nne.

Kipeo cha pili kina tatizo moja. Namba hasi ikizidishwa kwa yenyewe inakuwa chanya, na habari ya mwelekeo inapotea. Msuguano wa bomba haufanyi hivyo. Daima unapinga mwendo, maji yaende kulia au kushoto. Ndiyo maana, mtiririko ukiwa x, wahandisi hawaandiki x², bali x|x|. Vile vistari viwili vinamaanisha namba iliyovuliwa alama yake ya hasi: |3| ni 3, na |−3| ni 3 vilevile. Kwa hiyo x ikiwa 3 tunapata 9, na ikiwa −3 tunapata −9. Ukubwa ni ule ule, mwelekeo umehifadhiwa.

Tuchukue bomba la inchi tatu lenye urefu wa karibu kilomita moja. Kwa makadirio, mtiririko wa lita 1 kwa sekunde hupoteza presha inayolingana na kimo cha maji cha mita 1. Lita 3 kwa sekunde hupoteza mita 9. Maji yakigeuka na kurudi kwa kiwango hicho hicho, tunaandika −3 na −9. Kwa bomba hili, basi, kanuni ni f(x) = x|x| bila kuongeza kitu.

Grafu yake upande wa kulia ni tawi la x², na upande wa kushoto ni tawi hilo hilo lililopinduliwa chini. Matawi mawili yanakutana kwenye sifuri, na macho hayaoni kiungo. Hakuna kona wala pengo. Ukiiweka kando ya grafu ya x³, zote mbili zinapita sifuri zikiwa zimelala kabisa, na ni vigumu kuzitofautisha hapo kwa kutazama tu.

Hesabu ndiyo inayotofautisha. Mteremko wa grafu, yaani derivativi ya kwanza, ni 2x upande wa kulia na −2x upande wa kushoto. Kwenye sifuri penyewe hatuwezi kuchagua upande, kwa hiyo tunarudi kwenye maana ya msingi: tunagawanya mabadiliko ya f kwa hatua ndogo h. Tunapata h|h|/h, yaani |h|, na h ikikaribia sifuri, nayo |h| inakwenda sifuri kutoka pande zote mbili. Mteremko upo kila mahali, na unaandikika kwa mkupuo mmoja: f′(x) = 2|x|.

Sasa tupime jinsi mteremko wenyewe unavyobadilika. Kwenye 0.1 mteremko ni 0.2, kwenye 0 ni 0, na kwenye −0.1 ni 0.2 tena. Ukitoka sifuri kwenda kulia, mteremko unapanda kwa kasi ya 2. Ukija sifuri kutoka kushoto, ulikuwa ukishuka kwa kasi ya 2, yaani −2. Punguza hatua hadi 0.001 au 0.000001, majibu yatabaki 2 na −2, hayasogeleani kamwe. Derivativi ya pili kwenye sifuri haipo. Kona ambayo grafu haikuwa nayo imejitokeza kwenye mteremko wake, kwa sababu grafu ya 2|x| ina umbo la V.

Hapo pana mtego kwa anayetegemea kompyuta. Njia inayotumika sana kukadiria derivativi ya pili hujumlisha thamani za pande mbili, huondoa mara mbili ya thamani ya katikati, kisha hugawanya kwa h². Kwa kanuni yetu kwenye sifuri tunapata (h² − 0 − h²)/h², yaani 0 kamili. Kompyuta inatoa jibu safi kwa kitu kisichokuwepo, kwa sababu pande mbili zimefutana. Dawa ni kupima kila upande peke yake, kama tulivyofanya hapo juu. Majibu mawili yasipokubaliana, lile la katikati halina maana.

Je, kasoro hiyo inamgusa mhandisi wa maji? Inamgusa pale anapotafuta mtiririko akiwa anajua tofauti ya presha. Mwaka 1936 Hardy Cross, mhandisi wa Kimarekani, alichapisha njia ya kufanya hivyo kwa mkono kwenye mabomba yaliyozungukana: kisia mtiririko, tafuta kosa la presha, ligawanye kwa mteremko, rekebisha, rudia. Mteremko anaogawanya nao ni ile 2|x| yetu, ikizidishwa kwa kipimo cha ukinzani wa kila bomba.

Tofauti ya presha ikiwa mita 9, nasi tuanze kwa kukisia lita 5. Kosa ni 25 − 9, yaani 16, na mteremko ni 10, tunapunguza 1.6 na kufika 3.4. Hatua inayofuata inatupa 3.0235, na ya tatu 3.0001. Jibu la kweli ni 3, na tumelifikia kwa hatua tatu.

Sasa tofauti iwe sifuri, yaani maji yanakaribia kugeuka. Tuanze tena na 5. Kosa ni 25, mteremko 10, tunafika 2.5. Kisha 1.25, kisha 0.625. Kila hatua inakata nusu tu. Na tukianzia sifuri penyewe, tunaambiwa tugawanye kwa sifuri, na hesabu inakwama. Grafu kulala kabisa kwenye sifuri ndiko kunakochelewesha. Nayo x³ ingechelewa, tena zaidi. Kukosekana kwa derivativi ya pili kunaongeza jambo jingine: kwenye sifuri penyewe mhandisi hawezi kutegemea kanuni za hali ya juu zinazohitaji kujua mteremko unavyojipinda, maana hapo mpindo unaruka kutoka −2 hadi 2 bila kupitia namba yoyote ya katikati.

Tiba inayotumika inatoka kwenye maji yenyewe. Mtiririko ukiwa mdogo sana, maji huacha kuvurugika na kwenda kwa tabaka tulivu, na hapo upotevu wa presha hufuata x yenyewe, si x|x|. Kwa bomba letu la inchi tatu, na maji ya joto la Dar es Salaam, mpaka huo uko karibu na lita 0.1 kwa sekunde, mtiririko ambao ungejaza ndoo ya lita 20 kwa dakika tatu na ushei. EPANET, programu ya mitandao ya maji iliyotolewa na wakala wa mazingira wa Marekani mwaka 1993, ikitumia kanuni ya Darcy na Weisbach huweka mstari ulionyooka katika eneo hilo, kisha huuunganisha na x|x| kwa mchirizo wa taratibu. Mstari huo una mteremko usio sifuri, kwa hiyo kugawanya hakukwami tena.

Kwa hiyo bomba halisi halina kasoro ile. Iko kwenye kanuni, tunapoivuta hadi mahali ambapo haielezi maji tena. Ukiona mahesabu ya mtandao yanazungukazunguka bila kutulia, anza kukagua mabomba ambayo mtiririko wake unakaribia sifuri.