Ulipandishwa cheo Machi, pesa zikaja Agosti: piga hesabu kabla ya kusaini

Beshte yangu anafanya kazi kwenye bohari moja Eneo la Viwanda, Nairobi. Mwaka wa 2025 alipandishwa cheo, kutoka karani wa stoo hadi supavaiza. Barua ilisema cheo na mshahara mpya vinaanza Machi 10. Machi ikaisha, peislipu ikaja na mshahara ule ule wa kale. Aprili vile vile. Mei, Juni, Julai, kila akiuliza anaambiwa, “Vumilia, tutakulipa malimbikizo yako yote mara moja.”

Agosti mshahara mpya ukaingia. Chini yake kwenye peislipu kulikuwa na mstari mmoja tu: malimbikizo, 36,000. Pamoja na peislipu akapewa fomu ya kusaini kufikia Ijumaa, inayosema amepokea malimbikizo yote na hana dai lingine.

Elfu thelathini na sita ni pesa nyingi ukiwa na deni la kodi ya nyumba. Karibu asaini hapo hapo. Lakini jioni hiyo alikuja kwangu na peislipu zake zote, tukakaa na kikokotoo cha simu, na kabla chai haijapoa tukajua amepunjwa zaidi ya elfu kumi na sita. Hii ndiyo hesabu tuliyofanya. Ukiwa kwenye hali kama yake, fuata hatua hizi ukiweka namba zako.

Anza na barua, si peislipu

Barua ya kupandishwa cheo huwa na tarehe mbili au tatu, na watu huzichanganya. Kuna tarehe ya juu, siku barua ilipoandikwa. Kuna siku uliyoisaini. Halafu kuna ile muhimu, iliyo katikati ya maelezo: “kuanzia tarehe fulani”. Hiyo ndiyo tunahesabia. Barua ya beshte yangu iliandikwa Machi 24, lakini ndani ilisema kuanzia Machi 10. Basi ni Machi 10.

Soma pole pole hapo, kwa sababu kuna barua zinazosema cheo kinaanza Machi ilhali mshahara mpya unaanza Julai. Ukisaini barua kama hiyo, malimbikizo ya Machi hadi Juni hayapo, hata kama ulishika kazi ya usupavaiza siku ya kwanza. Pia ukiambiwa mdomoni tu “wewe sasa ndiye bosi wa zamu” bila barua, hiyo ni kesi tofauti na ni ngumu zaidi. Hesabu ya leo ni ya mtu aliye na tarehe kwenye karatasi.

Tafuta tofauti ya mwezi mmoja

Hudai mshahara mpya wote kwa miezi iliyopita, kwa sababu ule wa kale ulishalipwa. Unadai tofauti peke yake. Hapa ndipo kosa la kwanza la kampuni lilikuwa.

Mshahara wake wa msingi ulitoka 42,000 ukawa 51,000. Tofauti ni 9,000. Lakini barua ilisema pia marupurupu ya nyumba yanapanda kutoka 8,000 hadi 10,000, yaani 2,000 zaidi. Kwa hivyo tofauti kamili ya kila mwezi ni 11,000.

Sasa angalia ujanja huu mdogo. Chukua malimbikizo uliyolipwa, ugawanye kwa tofauti ya mshahara wa msingi. Kwake, 36,000 ukigawa kwa 9,000 unapata 4 kamili, bila senti ya ziada. Namba ikitoka safi hivyo, inakuambia walichofanya: walichukua miezi minne mizima, Aprili hadi Julai, wakazidisha kwa msingi. Marupurupu ya nyumba yalisahaulika. Na Machi haikuhesabiwa kabisa.

Mwezi uliokatika katikati

Machi ina siku 31. Kutoka tarehe 10 hadi 31, ukihesabu na tarehe 10 yenyewe, ni siku 22. Wengi hutoa 10 kwenye 31 wakapata 21, na hivyo wanajinyima siku moja. Hesabu kwa vidole ikibidi.

Basi tunachukua 11,000, tunazidisha kwa 22, tunagawa kwa 31. Jibu ni 7,806.45.

Kampuni nyingine hazitumii siku za kalenda. Zinatumia siku za kazi. Machi 2025 ilikuwa na siku 26 ukihesabu Jumatatu hadi Jumamosi, na kuanzia tarehe 10 zilibaki 19. Kwa njia hiyo unapata 8,038.46, yaani kama shilingi 232 zaidi. Usigombane juu ya hizo. Uliza tu: mtu akiajiriwa katikati ya mwezi hapa, mnamlipa vipi siku zake? Njia ile ile itumike kwako. Kwao walitumia kalenda, nasi tukabaki na 7,806.45.

Aprili, Mei, Juni na Julai ni miezi minne mizima: 11,000 mara 4, yaani 44,000.

Kile ambacho hakuna mtu hukumbuka

Mei beshte yangu alifanya ovataimu ya saa 12, siku za kawaida za kazi. Ovataimu huhesabiwa kutokana na mshahara wa msingi. Msingi ukipanda kuanzia Machi, bei ya saa moja ya ovataimu pia imepanda kuanzia Machi, hata kama ulilipwa kwa bei ya kale.

Chini ya Agizo la Jumla la Mishahara hapa Kenya, saa moja ya kawaida hupatikana kwa kugawa msingi wa mwezi kwa 225, na ovataimu ya siku ya kawaida ni mara moja na nusu ya hiyo. Kwa msingi wa 42,000 saa moja ya ovataimu ni shilingi 280. Kwa msingi wa 51,000 ni shilingi 340. Tofauti ni shilingi 60, mara saa 12, ni 720.

Ni kidogo, ndiyo. Lakini kama wewe hufanya saa 40 kila mwezi, au Jumapili na sikukuu ambazo hulipwa mara mbili, hiyo mistari midogo hugeuka kuwa kodi ya mwezi mzima.

Upande wa pili pia uwe mkweli. Kama katika miezi hiyo ulilipwa posho ya ukaimu kwa cheo hicho hicho, itoe. Yeye hakuwa amelipwa yoyote.

Jumla

Machi 7,806.45, miezi minne 44,000, ovataimu 720. Jumla ni 52,526.45. Alilipwa 36,000. Bado anadai 16,526.45.

Usishtuke ukiona ya benki ni kidogo

Hapa wengi huharibu kesi yao. Wanapiga hesabu kama hiyo hapo juu, kisha wanalinganisha na pesa zilizoingia kwenye akaunti, wanaenda ofisini wakipayuka kwamba wameibiwa. Hiyo 52,526.45 ni kabla ya makato. Linganisha na mstari wa malimbikizo kwenye peislipu, ambao pia ni kabla ya makato.

Malimbikizo ni mshahara, kwa hivyo yanakatwa kama mshahara. Kwa viwango vya 2025, SHIF ilichukua asilimia 2.75, ada ya nyumba asilimia 1.5, na NSSF asilimia 6. Hayo matatu huondolewa kwanza, kisha kinachobaki hutozwa PAYE. Kwa kuwa beshte yangu tayari alikuwa juu ya 32,333 kwa mwezi, kila shilingi ya ziada ilitozwa asilimia 30. Ile nafuu ya kodi ya 2,400 haiji tena, kwa sababu ilishatumika kwenye mshahara wa kila mwezi.

Ukipitisha 52,526.45 kwenye makato hayo mwezi kwa mwezi, mkononi inabaki kama 33,000. Mhasibu akiyaweka yote kwenye mwezi mmoja, inakuwa karibu 34,700, kwa kuwa mwaka huo NSSF haikukata zaidi ya 4,320 kwa mwezi. Zote mbili ziko mbali na elfu hamsini na mbili, na hakuna aliyekuibia hapo.

Ila kama mshahara wako ni mdogo, tuseme elfu ishirini na kitu, malimbikizo ya mkupuo yanaweza kukurusha kwenye asilimia 30 kwa huo mwezi mmoja tu. Viwango vya PAYE ni vya mwaka mzima. Kodi iliyozidi itaonekana ukijaza ritani yako ya KRA kwa kutumia fomu ya P9, na unaweza kuidai irudi.

Alivyoidai

Hakusaini ile fomu. Aliandika barua pepe kwa mhasibu, nakala kwa afisa wa wafanyakazi, bila matusi na bila hadithi ndefu. Aliandika mistari minne: tarehe ya barua inayohusika, tofauti ya 11,000 na jinsi inavyogawanyika, hesabu ya Machi, Aprili hadi Julai na ovataimu, na mwisho salio la 16,526.45. Akaambatisha barua ya cheo na peislipu za Machi hadi Agosti. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mwajiri akupe maelezo ya mshahara na makato yako, kwa hivyo kama huna peislipu, anza kwa kuziomba.

Kwa jibu, mhasibu alikubali Machi na marupurupu ya nyumba siku hiyo hiyo. Ovataimu alikataa, akisema hakuna rekodi. Beshte yangu alikuwa amepiga picha ya daftari la zamu la Mei, lenye sahihi ya bosi wake wa wakati ule. Akaituma. Salio lote likaingia na mshahara wa Septemba, na hapo ndipo akasaini.

Wangekataa kabisa, angeweza kwenda ofisi ya leba, au Mahakama ya Ajira. Kwa kawaida dai linalotokana na mkataba wa kazi lina muda wa miaka 3, kwa hivyo “vumilia” isikupeleke huko. Kila mwezi wanapokuambia usubiri, ongeza mstari mmoja kwenye hesabu yako na upige picha ya daftari la zamu.