Matriksi ya Kwenye Picha, Hadi Kipeo cha Kumi

Mwanafunzi akitumiwa picha ya ubao kwa simu, mara nyingi namba huwa zimepinda na chaki imefifia. Tuseme picha inaonyesha matriksi A yenye safu mbili za mlalo: ya juu ni 4 na 1, ya chini ni 2 na 3. Swali linataka A¹⁰. Ile 1 ya pembeni, je, ni 1 kweli, au ni 7, au mbele yake kuna alama ya kutoa iliyofutika?

Kabla ya kuzidisha chochote, kinachotafutwa ni namba λ ambazo matriksi ikizidishwa na vekta fulani hutoa vekta ileile, ila imekuzwa mara λ. Kwa matriksi ya mbili kwa mbili, jumla ya λ hizo ni jumla ya ulalo, yaani 4 + 3 = 7, na zao lake ni determinanti, 4×3 − 1×2 = 10. Namba mbili zenye jumla 7 na zao 10 ni 5 na 2.

Hapo ndipo picha inapojipima yenyewe. Kama ile 1 ingekuwa 7, determinanti ingekuwa −2, na majibu yangebeba kipeuo cha pili cha 57. Ingekuwa −1, λ zisingekuwa namba halisi kabisa. Mwalimu anayetunga swali la kufanya kwa mkono kwa kawaida huchagua namba zinazotoka safi, kwa hiyo 5 na 2 ni dalili nzuri. Ni dalili tu. Hakika hupatikana kwa kuomba picha nyingine.

Sasa vekta. Kwa 5 inapatikana (1, 1), kwa maana 4 + 1 na 2 + 3 zote ni 5. Kwa 2 ni (1, −2). Zikisimamishwa wima kando kwa kando zinaunda matriksi P, na A = PDP⁻¹, ambapo D ina 5 na 2 kwenye ulalo na sifuri kwingineko.

Uzuri wa njia hii unaonekana A inapojizidisha: kila P⁻¹ hukutana na P na zote mbili hutoweka. Kinachobaki ni PD¹⁰P⁻¹, na D¹⁰ ni 5¹⁰ na 2¹⁰ tu, yaani 9,765,625 na 1,024. Safu ya juu ya jibu inakuwa 6,510,758 na 3,254,867. Ya chini 6,509,734 na 3,255,891. Kila safu ijumlishwe: zote zinatoa 9,765,625, kama inavyopaswa, kwa kuwa (1, 1) hukuzwa mara 5 kila hatua.

Si kila matriksi inakubali. Yenye safu (1, 1) na (0, 1) ina λ moja tu, 1, na vekta zake zote ziko kwenye mstari mmoja, hivyo P haina kinyume. Hiyo huzidishwa moja kwa moja: kipeo cha 100 ni (1, 100) na (0, 1).