Mjomba, hisa zisubiri kwanza



Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kwa nini mwaka wa pili huu nina kazi na sijanunua hata hisa moja, ilhali wewe ulinunua za Safaricom zilipouzwa kwa umma mwaka 2008 na mpaka leo zinakulipa gawio. Nisijibu kwa simu, tutakatizana.

Ulinunua kwa Sh5 kila hisa. Mapema 2009 bei ikashuka chini ya Sh3, na wengi waliokuwa wamekopa ili wanunue wakauza kwa hasara. Wewe hukuuza, na nyumbani huisifu subira yako. Lakini Mjomba, wakati ule ulikuwa mwalimu mwenye mshahara wa serikali na shamba lenye mahindi. Bei iliposhuka, hapakuwa na mtu mlangoni anayedai kodi. Ungekuwa unadaiwa, ungeuza kama wenzako.

Chukua mfano wa karibu zaidi. Agosti 2021 hisa hiyo hiyo ilifika karibu Sh45. Tuseme kijana alinunua hisa 2,000 kwa Sh40 moja, akatoa Sh80,000. Mwishoni mwa 2023 bei haikufika Sh15. Kama mama yake angelazwa wiki hiyo na hana akiba nyingine, angeuza apate chini ya Sh30,000. Humo kuna ada za dalali na soko, kama asilimia 2 anaponunua na nyingine kama hiyo anapouza, na pesa yenyewe humfikia siku tatu za kazi baada ya kuuza. Asiyelazimika kuuza hasara yake ingali kwenye karatasi na bei inaweza kupanda tena. Aliyeuza ameshaimeza.

Linalonitia hofu hasa ni kwamba mshahara wangu na bei za hisa vinaweza kuanguka siku moja. Tarehe 13 Machi 2020 Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, na siku hiyo hiyo biashara katika Soko la Hisa la Nairobi ikasimamishwa kwa muda kwa sababu bei ziliporomoka mno. Baada ya wiki chache hoteli za pwani zilikuwa zimefunga na wafanyakazi wamerudishwa makwao, wengine bila malipo. Mwenye hisa peke yake angekwenda kuuza wakati ule ule ambapo kila mtu anauza. Na mimi, kama ujuavyo, kazi yangu ni ya mkataba wa mwaka mmoja.

Hesabu yangu ni hii. Napokea Sh45,000 mkononi. Kodi, chakula, nauli, stima na maji, na ile ninayomtumia Mama, jumla ni Sh30,000. Hayo siwezi kuyakwepa hata nikifutwa kazi kesho. Nataka miezi mitatu ya gharama hizo, yaani Sh90,000. Sikupigia hesabu mshahara wote, kwa sababu nikikosa kazi hata viatu sitanunua. Nikiweka Sh9,000 kila mwezi, miezi kumi inatosha.

Sh20,000 zitakaa kwenye akaunti ya benki iliyounganishwa na simu, kwa ajili ya usiku wa hospitali. Zilizobaki nitaziweka kwenye mfuko wa soko la fedha ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Huko riba hukatwa kodi ya asilimia 15, na ukiomba pesa zako kwa kawaida huzipata ndani ya siku chache za kazi. Faida si kubwa, na sikuitafuta huko. Dharura ikinikuta mikono mitupu nitakimbilia mkopo wa simu, na M-Shwari ilizoeleka kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, kabla ya ushuru. Sijui gawio gani lingeweza kufidia mkopo wa namna hiyo ukirudiwa mara tatu au nne kwa mwaka.

Sikatai hisa, Mjomba. Akiba ikizidi hapo pia ni kosa, maana bei za bidhaa hupanda na pesa iliyolala hupungua nguvu. Ndiyo maana nimeweka kikomo: nikifika Sh90,000, zile Sh9,000 za kila mwezi zinahamia kwenye hisa, na nitakaa nazo miaka kama wewe. Nikiigusa akiba, nitairudishia kwanza.

Kwa hiyo nakuomba usinitafutie dalali kwa sasa. Badala yake nitumie majina ya kampuni ambazo umeziona zikilipa gawio kila mwaka, nianze kusoma ripoti zao mapema. Msalimie Shangazi.