Eneo la Uthabiti Kamili: Mpaka wa Hatua ya Muda

Eneo la uthabiti kamili la mbinu ya kukokotoa mabadiliko huonyesha ni hatua zipi za muda zinazoacha majibu yatulie, na zipi zinazoyafanya yalipuke. Eneo hilo huchorwa kwa kuijaribu mbinu kwenye mlinganyo mmoja mwepesi:

y' = λy

Hapa y ni kiasi kinachobadilika, y' ni kasi ya mabadiliko yake, na λ ni namba isiyobadilika. Chukua waya mwembamba uliopashwa moto kisha ukaachwa upoe. Ikiwa y ni joto la waya lililozidi lile la hewa, na λ ni −50 kwa sekunde, jibu sahihi hushuka moja kwa moja kuelekea sifuri bila kuvuka. Baada ya sekunde 0.05 hubaki karibu asilimia 8 tu.

Mbinu kongwe ya Euler hutazama kasi ya sasa na kudhani itabaki vilevile hadi mwisho wa hatua ya urefu h. Kwa hiyo y mpya ni y ya zamani mara (1 + hλ), na kila hatua hurudia kuzidisha kwa namba hiyo hiyo. Kwa h = 0.01 kizidisho ni 0.5, nayo majibu hupungua vizuri. Kwa h = 0.03 kizidisho ni −0.5: majibu ni 1, −0.5, 0.25, −0.125. Waya unaonekana kuwa baridi kuliko hewa kila baada ya hatua moja, jambo lisilowezekana, lakini angalau yanafifia. Kwa h = 0.05 kizidisho ni −1.5, na majibu yanakuwa 1, −1.5, 2.25, −3.375, yakizidi kukua bila kikomo. Mpaka upo kwenye h = 0.04.

Kinachoamua, basi, si h peke yake wala λ peke yake. Ni zao lake, z = hλ. Kwa mbinu ya Euler masharti ni kwamba ukubwa wa 1 + z usizidi 1. Namba λ ikiruhusiwa kuwa changamano, ili iwakilishe pia vitu vinavyoyumba, masharti hayo huchora kwenye bapa la namba changamano duara lenye kitovu −1 na nusukipenyo 1. Ndani yake majibu hufifia; nje yake hukua. Pendulamu isiyo na msuguano ina λ iliyo juu ya mhimili wa kudhania, ambao duara hilo hugusa kwenye sifuri tu. Ndiyo sababu mbinu ya Euler huikuza pendulamu hiyo daima, hata hatua iwe ndogo namna gani. Kupunguza hatua huchelewesha tu ukuaji.

Ugumu hasa hujitokeza pale ambapo jambo la haraka na la polepole yamo katika hesabu moja. Tuseme waya ule umo ndani ya chumba kinachopoa kwa λ = −0.01, na kinachotakiwa ni kukifuatilia chumba kwa dakika 10. Joto la ziada la waya limekwisha mapema, lakini hatua bado haiwezi kuzidi 0.04, yaani hatua zisizopungua 15,000. Sababu ni kwamba kompyuta hukata tarakimu, na kila mkato huacha chembe ya kosa. Kwa h = 0.05, chembe ya ukubwa wa 10⁻¹⁶ ikizidishwa kwa −1.5 hufikia 1 baada ya hatua zipatazo 91, yaani kabla ya sekunde ya tano. Dalili yake hutambulika kirahisi: alama hubadilika kila hatua, na ukubwa hupanda kwa uwiano ule ule.

Mbinu ya Euler ya kurudi nyuma hutumia kasi ya mwisho wa hatua badala ya ya mwanzo. Kizidisho chake ni 1/(1 − z), na eneo lake ni sehemu yote iliyo nje ya duara lenye kitovu 1 na nusukipenyo 1. Nusu yote ya kushoto ya bapa imo humo. Mwaka 1963 mwanahisabati Msweden Germund Dahlquist aliipa sifa hii jina la uthabiti A. Gharama yake ni kutatua mlinganyo katika kila hatua, lakini kwa chumba na waya hulipa, kwa kuwa hatua inaweza kuchaguliwa kwa kufuata mwendo wa chumba.

Hata hivyo, kuwa thabiti si kuwa sahihi. Kwa h = 0.05 mbinu hii humpa waya 0.286 pale ambapo jibu la kweli ni 0.082. Tena eneo lake huingia hadi upande wa kulia, ambako jibu la kweli hukua: kwa z = 3 kizidisho ni −0.5, hivyo kitu kinachopaswa kuongezeka takriban mara 20 kwa kila hatua huonekana kikififia taratibu.