Simu Isiyojua Mwaka

Mafundi simu wanalijua vizuri lalamiko hili: "Fundi, bando ninalo, mtandao unasoma, lakini barua pepe haifunguki." Mteja ameshabadilisha nywila. Ameifuta programu ya barua pepe na kuiweka upya. Sasa anaomba simu irudishwe ilivyotoka kiwandani, yuko tayari hata kupoteza picha zake. Kinachomchanganya ni kwamba mambo mengine yanakwenda kama kawaida. Anapiga simu na kupigiwa. Anabonyeza *150*00# na M-Pesa inamjibu papo hapo. Lakini barua pepe inasema haiwezi kuifikia seva, na kila tovuti anayojaribu kuifungua inamletea onyo la usalama lenye maneno `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`. Mwenye iPhone anaona `Cannot Verify Server Identity`.

Simu hiyo mara nyingi haina ubovu wowote. Inachokosa ni tarehe sahihi.

Programu ya barua pepe, kabla ya kupeleka nywila yako popote, huitaka seva ijitambulishe. Seva huonyesha cheti cha kidijitali kilichotiwa saini na taasisi ambayo simu inaiamini. Ndani ya cheti mna jina la seva na tarehe mbili, ya kuanza kutumika na ya mwisho. Simu hulinganisha tarehe hizo na saa yake yenyewe. Ikiona leo haimo kati ya tarehe hizo mbili, inakata mawasiliano palepale na nywila haiondoki. Ndiyo maana kubadilisha nywila hakusaidii kitu: mazungumzo hayajafika hatua ya kuulizana nywila. Kupiga simu na kubonyeza menyu ya M-Pesa hakupitii ukaguzi huu wa vyeti, kwa hiyo simu huweza kuwa imepotea miaka sita na bado ikatuma pesa bila tatizo.

Tuchukue mfano. Ni Jumatatu, tarehe 20 Aprili 2026. Simu ilikuwa kabatini muda mrefu, betri ikaisha kabisa. Ilipochajiwa na kuwashwa ilirudi kwenye tarehe ya zamani, kwa sababu katika simu nyingi saa ya ndani hutegemea betri hiyohiyo, na ikikosa umeme kabisa inasahau ilipofikia. Mwenyewe akaona tarehe si ya leo, akaingia kwenye mipangilio, akaweka 20, akaweka Aprili, akaweka saa, akatoka. Mwaka ulibaki 2020.

Akiitazama simu haoni kasoro. Skrini ya simu iliyofungwa kwa kawaida huonyesha siku, tarehe na mwezi tu, haionyeshi mwaka. Na kwa bahati mbaya, tarehe 20 Aprili 2020 nayo ilikuwa Jumatatu. Kila anachokiona kinalingana na kalenda ya ukutani. Wakati huohuo seva ya barua pepe inaonyesha cheti kilichotolewa tarehe 10 Machi 2026, kitakachokwisha tarehe 8 Juni 2026. Kwa hesabu ya simu cheti hicho kitaanza kutumika baada ya karibu miaka sita, na simu inakikataa. Imefanya kazi yake sawasawa. Tatizo ni kwamba imepewa mwaka wa uongo.

Zamani kosa dogo la tarehe liliweza kupita bila mtu kujua, kwa kuwa vyeti vilikaa muda mrefu. Kuanzia mwaka 2018 cheti cha tovuti kiliruhusiwa kudumu hadi siku 825. Septemba 2020 kikomo kikashuka hadi siku 398, tangu tarehe 15 Machi 2026 ni siku 200, na imeshapangwa kwamba ifikapo Machi 2029 zitabaki 47. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt, vinavyotumiwa na tovuti nyingi mno, hudumu siku 90. Maana yake ni kwamba simu iliyopitwa na miezi miwili tu, ambayo zamani ingeendelea kufungua barua, sasa inaweza kugoma. Na itagoma kwa namna ya kutatanisha: seva hii inakubali, ile inakataa, kutegemea kila moja imepata cheti chake lini.

Lipo kosa jingine la hapa kwetu, nalo ni la saa. Simu huhesabu saa ya kimataifa kwa ndani, kisha hukuonyesha saa ya mahali ulipo kwa kuongeza saa tatu za Afrika Mashariki. Mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili, akiwa saa mbili asubuhi, anaweza kuandika 2:00 badala ya 8:00. Simu yake imerudi nyuma saa sita, na kwa hesabu yake ya ndani bado ni jana. Mwingine ana simu iliyotoka Ulaya, mipangilio ya eneo bado ni ya huko, naye badala ya kubadilisha eneo anasogeza mishale mpaka saa ifanane na ya msikitini. Anachokiona ni sahihi, lakini hesabu ya ndani imevurugika.

Makosa ya saa chache mara nyingi hayavunji vyeti, isipokuwa kama seva imepata cheti kipya siku hiyohiyo. Yanachovunja ni zile namba sita za uthibitisho ambazo programu kama Google Authenticator huzitengeneza ndani ya simu. Namba hizo hutokana na saa na hubadilika kila baada ya sekunde 30. Simu ikiwa nje kwa dakika chache tu, utaandika namba kwa uangalifu na bado utaambiwa si sahihi. Namba zinazotumwa kwa SMS haziguswi na jambo hili, kwa sababu zinatengenezwa huko seva iliko.

Kurekebisha hakuchukui hata dakika mbili. Kwenye Android fungua `Settings`, kisha `System`, kisha `Date & time`. Kwenye Samsung sehemu hiyo iko ndani ya `General management`. Kwenye iPhone ni `Settings`, `General`, `Date & Time`. Washa tarehe ya kujiweka yenyewe, hakikisha eneo ni Nairobi au Dar es Salaam, yaani GMT+03:00, halafu usome mwaka kwa macho yako. Kisha zima simu na kuiwasha, ufungue barua pepe. Kama tarehe inarudi nyuma kila simu inapoishiwa chaji, iache ijiweke yenyewe. Huipata saa kutoka kwenye mnara wa laini au kutoka kwenye seva za saa za mtandaoni, na hizi za pili hufikiwa bila cheti, hivyo hata simu yenye mwaka mbovu inaweza kuzipata.

Ikiwa tarehe, mwaka na eneo viko sawa na onyo bado lipo, jaribu simu ya mtu mwingine. Nayo ikigoma kwenye seva ileile, basi huenda cheti cha seva kimekwisha kweli, na wa kukipyaisha ni mwenye seva. Usirudishe tarehe ya simu nyuma ili cheti kilichokwisha kikubalike, maana simu hiyo itakubali pia cheti cha zamani kilichoibwa. Na onyo likitokea kwenye Wi-Fi ya hoteli au ya stendi lakini likatoweka ukitumia bando lako, usibonyeze kitufe cha kuendelea. Pengine unatakiwa kwanza kuingia kwenye ukurasa wa Wi-Fi hiyo, lakini pia inawezekana kuna mtu kati yako na seva. Toka kwenye Wi-Fi hiyo, fungua barua kwa bando.