Alijua, au Alikosea Tu?

Tarehe 4 Desemba 1946, saa ya chakula cha mchana, polisi waliingia katika mgahawa wa Frank Roncarelli mjini Montreal, Kanada, wakazoa vileo vyote mbele ya wateja. Leseni yake ilikuwa imefutwa siku hiyohiyo. Mgahawa huo ulikuwa na leseni kwa miaka 34, tangu enzi za baba yake, na hakuna sharti la leseni lililokuwa limevunjwa. Sababu ilikuwa nje kabisa ya biashara. Roncarelli alikuwa Shahidi wa Yehova, naye alikuwa amewawekea dhamana waumini wenzake wapatao 380 waliokamatwa kwa kugawa vijarida bila kibali.

Aliyesababisha hayo alikuwa Maurice Duplessis, Waziri Mkuu wa jimbo la Quebec na Mwanasheria Mkuu wake. Mkuu wa tume ya vileo alimpigia simu kumweleza kwamba mweka dhamana na mwenye leseni huenda ni mtu mmoja. Duplessis akamwambia ahakikishe kwanza. Alipohakikishiwa, akaagiza leseni ifutwe na Roncarelli asipewe nyingine daima. Kisha akawatangazia waandishi wa habari kwamba yeye ndiye aliyetoa amri hiyo. Miezi michache baadaye mgahawa ulifungwa.

Kesi yake ilichukua zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1959 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba Duplessis alipe mwenyewe, kutoka mfukoni mwake, dola 33,123.53. Kesi hiyo iliamuliwa kwa sheria ya madai ya Quebec, yenye asili ya Kifaransa. Hata hivyo, majaji wa nchi zinazofuata mapokeo ya Kiingereza huitaja mara kwa mara wanapoeleza kosa la madai la kutumia vibaya wadhifa wa umma. Hili si kosa la jinai. Ni shauri ambalo raia aliyeumizwa anamfungulia ofisa ili alipwe fidia.

Kinacholitenga na madai mengine ni kwamba hasara peke yake haitoshi, na hata kuonyesha kuwa ofisa alivunja sheria hakutoshi. Mdai lazima aingie kichwani mwa ofisa aonyeshe alichokuwa akikijua na alichokusudia.

Kuna njia mbili za kufika huko. Ya kwanza ndiyo ya Roncarelli: ofisa ametumia madaraka yake kwa nia ya kumkomoa mtu fulani. Hapa hata kama karatasi zote ziko sawa, na hata kama sheria inampa mamlaka ya kufuta leseni, nia ile huliharibu tendo zima. Duplessis alijitetea kwamba alitenda kwa nia njema, akiamini anailinda Quebec dhidi ya wachochezi. Huenda aliamini hivyo kweli. Lakini kwa majaji walio wengi, nia njema ya ofisa maana yake ni kutumia madaraka kwa kazi ambayo sheria iliyatoa. Madaraka ya leseni za vileo yalitolewa kusimamia vileo, si kumwadhibu mtu aliyetumia haki yake ya kuweka dhamana.

Maofisa wengi hawana ujasiri wa Duplessis wa kujitangaza. Ndiyo maana ipo njia ya pili, ambayo haihitaji chuki binafsi. Mdai anathibitisha kwamba ofisa alijua hana mamlaka ya kufanya alichofanya, na pia alijua kwamba tendo hilo lingeelekea kumuumiza mdai, au kundi la watu ambalo mdai yumo. Vyote viwili vinatakiwa. Kujua kimoja bila kingine hakumfikishi mdai popote.

Kesi ya wafugaji wa Jimbo la Kaskazini la Australia inaonyesha mpaka ulipo. Mwaka 1988 wakaguzi wa mifugo, wakiwa katika kampeni ya kutokomeza ugonjwa wa brusela, waliizuia familia moja kuhamisha ng'ombe wake. Familia ilikuwa imekopa benki, na ilitegemea kuwauza ng'ombe hao ili ilipe. Zuio lile halikuwa na msingi wowote wa kisheria, na hasara ilikuwa ya kweli. Hata hivyo, mwaka 1995 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilikataa dai la matumizi mabaya ya wadhifa. Haikuthibitika kwamba wakaguzi walijua wanavuka mipaka yao, wala kwamba walilifumbia jambo hilo macho. Walikosea, basi. Kwa wafugaji uamuzi huo ulikuwa mchungu, lakini ndio unaotenganisha kosa hili na uzembe.

Je, ofisa akiwa na shaka na akaamua kutouliza? Swali hilo lilijibiwa na majaji wa Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 2000, katika kesi iliyotokana na kuanguka kwa benki ya BCCI. Benki hiyo ilifungwa Julai 1991, na zaidi ya wenye amana 6,000 wakajiunga kuishtaki Benki Kuu ya Uingereza. Walidai kwamba maofisa wake waliipa BCCI leseni mwaka 1980 wakijua masharti hayajatimizwa, kisha wakaiacha iendelee huku wakijua wenye amana wangeumia. Hawakuweza kudai uzembe tu, kwa sababu Sheria ya Mabenki ya mwaka 1987 iliikinga Benki Kuu isishtakiwe pasipo nia mbaya. Mlango uliobaki ulikuwa huu mwembamba.

Malodi walisema kutojali kunatosha, mradi kuwe ndani ya kichwa cha ofisa mwenyewe. Lazima awe ameiona hatari kwamba anavunja sheria na kwamba watu huenda wakaumia, kisha akaendelea bila kujali. Kusema kwamba mtu makini angeliona jambo hilo hakusaidii, kwani kipimo hicho ni cha uzembe.

Mwaka 2001, kwa kura tatu dhidi ya mbili, waliruhusu kesi iendelee. Ikaanza kusikilizwa Januari 2004. Wakili wa wadai alifungua hotuba yake kwa siku takriban 80, wa Benki Kuu akajibu kwa siku 119. Novemba 2005 wadai wakaiacha kesi, na wafilisi wa BCCI wakabaki na mzigo wa gharama za upande wa pili, mamilioni ya pauni. Kushuku kwamba watu walijua ni rahisi. Kuwataja maofisa kwa majina na kuonyesha kila mmoja alijua nini, lini, ndiko kulikowashinda.

Kenya na Tanzania zilipokea misingi ya sheria za Kiingereza enzi za ukoloni, hivyo hoja hizi si ngeni kwa mawakili wa huku. Kwa raia asiye wakili, la kufanya linaanza mapema, kabla ya mahakama. Ofisa akikufungia biashara au akikunyima kibali bila mamlaka, mwandikie. Taja kifungu anachokivunja, eleza hasara utakayoipata na lini, kisha uhakikishe nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Akiendelea baada ya barua hiyo, itakuwa vigumu kwake kusema mahakamani kwamba hakujua.