Diski Mbili Dokini, Moja Haionekani

Doki ya diski mbili ni kisanduku chenye matundu mawili ya kusimamishia diski za kompyuta. Waya mmoja wa USB huenda kwenye kompyuta, mwingine huenda kwenye adapta ya umeme. Lalamiko linalosikika sana ni hili: zimechomekwa mbili, imeonekana moja. Lawama yote huiangukia diski isiyoonekana, na pengine haina kosa lolote.

Kabla ya kuchomoa chochote, hakikisha unatazama mahali sahihi. Kwenye Windows, diski isiyo na herufi yake haijitokezi pamoja na nyingine, ingawa kompyuta imeshaitambua. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika:

```
diskmgmt.msc
```

Ukiikuta humo, kifaa kinafanya kazi na tatizo liko kwenye mpangilio wa diski. Kama imeandikwa Offline, mara nyingi ni nakala kamili ya mwenzake: alama zao za utambulisho zinafanana, na Windows imeizima moja. Kompyuta ikikuomba uifanyie Initialize diski yenye kazi zako, kataa. Ukikubali, itaandika jedwali jipya la migawanyo juu ya lile la zamani.

Isipokuwepo hata humo, sasa ndipo pa kubadilishana matundu. Bandika karatasi kwenye diski, A na B, na kwenye matundu, 1 na 2, maana baada ya kuchomoa na kuchomeka mara kadhaa hakuna anayekumbuka. Zima doki, subiri mpaka mtetemo wa diski uishe kabisa, zibadilishe, kisha uwashe. Waya, adapta na kompyuta vibaki vilevile. Ikiwa tatizo limehama pamoja na diski, mshukiwa ni diski. Ikiwa limebaki kwenye tundu lilelile, na sasa diski iliyokuwa nzima ndiyo haionekani, mshukiwa ni doki.

Nimesema mshukiwa kwa makusudi. Chukua mfano wa studio ya picha za harusi yenye diski mbili kubwa za inchi 3.5: A ni ya zamani ya TB 1, B ni ya TB 4. A ilionekana, B haikuonekana. Zikabadilishwa: A ikaonekana kwenye tundu 2, B haikuonekana hata kwenye tundu 1. Kwa hesabu ya hapo juu B imekufa, na wengi wangeishia hapo. Lakini B ilipochomekwa peke yake, kwenye tundu 1 kisha 2, ilifunguka bila shida na video zote zikawemo.

Kilichokuwa kibovu ni adapta. Ile iliyokuja na doki, ya volti 12 na ampea 4, ilikuwa imepotea, ikawekwa ya kifaa kingine yenye tundu lilelile na volti zilezile, ila ampea 2. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzungusha sahani zake huweza kuvuta karibu ampea 2 kwa sekunde chache, kisha hutulia na kutumia kidogo tu. Zikianza mbili kwa pamoja, umeme hautoshi, na yenye sahani nyingi zaidi ndiyo hushindwa. Ukiweka sikio karibu unasikia: inaanza kuvuma, inanywea, inatoa mlio wa tak, inaanza tena. Kwa hiyo jaribio la kubadilishana halijakamilika mpaka kila diski ijaribiwe peke yake.

Usipime tundu kwa diski ndogo ya laptopu ukadhani umemaliza. Hiyo hutumia volti 5 peke yake, na kubwa zinahitaji volti 12 pia. Tundu ambalo njia yake ya volti 12 imekatika litaifungua ile ndogo vizuri kabisa.

Wanaotumia waya wa eSATA badala ya USB wana mtego wao. Kompyuta nyingi kwa njia hiyo huona diski moja tu kwa kila waya, kwa hiyo tundu 2 litaonekana bovu hata uchomeke nini. Rudi kwenye USB kwanza, ndipo ulihukumu.

Na kama doki yako ina kitufe cha kunakili bila kompyuta, usikiguse wakati wote wa majaribio. Kitufe hicho hunakili kutoka tundu fulani kwenda jingine bila kujali umechomeka nini wapi. Diski zikiwa zimebadilishana nafasi, iliyokuwa chanzo sasa imekaa kwenye tundu la kupokea, na kunakili kukianza kutaandika juu ya kazi zako. Kama unaweza, ziba kitufe hicho kwa gundi ya karatasi mpaka umalize.